Tarehe kwenye pakiti ya chumvi: kupanga ushauri nasaha kwa mgonjwa aliyegundulika na presha

Mgonjwa aliyeambiwa leo kwamba ana presha hatoki chumbani na maneno yako yote. Anatoka na mawili au matatu, na mara nyingi si yale uliyoyakusudia. Nililijua hili mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi, nilipomkalisha mama mmoja nikampa mashauri kumi na moja kwa pumzi moja: chumvi, mafuta, uzito, kutembea, matunda, usingizi, dawa na mengineyo. Kila nililosema alitikisa kichwa. Mwisho akasema, "Ahsante sista, nitajitahidi," na hakuonekana tena kwa miezi saba. Aliporudi nilimuuliza anakumbuka nini katika yale tuliyozungumza. Akafikiri kidogo, akajibu: "Ulisema nisile." Nisile nini, hakukumbuka.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na maarifa, sikuwa na mpango. Tangu hapo nimekuwa nikipanga vikao vyangu kwa kufuata modeli ya kukuza afya ya Nola Pender, muuguzi wa Marekani aliyeitoa mwaka 1982 na kuirekebisha mwaka 1996. Wengi tuliisoma chuoni ili tufaulu mtihani, tukaiacha huko. Hapa nakuonyesha jinsi ya kuitoa kwenye daftari na kuitumia kwenye chumba chenye foleni mlangoni, ukiwa na dakika ishirini tu.

Kabla hujafungua mdomo

Hakikisha kwanza kwamba unayemshauri kweli ana presha. Kipimo kimoja kilichochukuliwa mgonjwa akiwa amepanda ngazi, amebanwa na mkojo au anaongea hakitoshi. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono ulingane na moyo, na mkanda wa kipimo umtoshe mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Shinikizo la damu hutambuliwa kwa vipimo vya siku mbili tofauti, vyote vikiwa 140 kwa juu au 90 kwa chini, au zaidi ya hapo.

Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi, naye analalamika kifua, kuishiwa pumzi, macho kutoona vizuri, kuchanganyikiwa au upande mmoja wa mwili kulegea, weka modeli pembeni. Huyo ni wa daktari sasa hivi. Ushauri nasaha utamkuta baadaye.

Modeli inauliza nini

Pender anaanza na mtu alivyo: umri wake, kazi yake, anavyoamini, na hasa mazoea yake ya zamani yanayofanana na lile unalotaka alifanye. Kisha anaingia kwenye kile mtu anachokiona moyoni kuhusu tendo lenyewe. Anaona faida gani? Anaona kikwazo gani? Anajiamini kiasi gani kwamba ataweza? Akilifanya anajisikiaje? Watu wa nyumbani wanasemaje, na mahali anapoishi panamsaidia au panamkwaza? Kutokana na hayo mtu hujifunga na mpango, na mpango huo hupambana na mambo yanayouingilia kabla haujawa tendo. Mambo matatu katika haya, yaani hisia zinazoambatana na tendo, kujifunga na mpango na yale yanayouingilia, yaliongezwa kwenye marekebisho ya mwaka 1996. Kwa maoni yangu ndiyo yenye kazi kubwa zaidi kliniki.

Angalia kisichokuwemo. Hakuna hofu. Pender hakuifanya hofu kuwa injini ya modeli yake, na hapo ndipo anapoachana na zile modeli zinazoanza kwa kumuuliza mtu anauogopa ugonjwa kiasi gani. Sisi tumezoea kusema, "Mama, usipomeza dawa utapooza." Mgonjwa wako ana jirani aliyepata kiharusi, kutisha anakujua kuliko wewe. Ukimwongezea hofu bila kumpa njia, atakachofanya ni kukwepa kinachomkumbusha hofu hiyo, na kinachomkumbusha ni kliniki yako na ile mashine ya kupimia. Akikuuliza madhara ya presha, mjibu kweli bila kumficha. Ila usitegemee jibu hilo limbebe hadi jikoni kwake.

Modeli hii ina mpaka wake, na ni vizuri uujue. Ilijengwa kwa ajili ya mtu kusogea kwenye afya bora, si kwa ajili ya kumeza kidonge cha ugonjwa usiouma. Kwa upande wa dawa inakubeba nusu ya njia. Nusu nyingine ni kueleza tu, waziwazi, dawa inafanya nini na kwa nini haisubiri maumivu. Wala haiwezi kujaza kabati la dawa likiwa tupu.

Mama wa kibanda cha chakula

Tumchukue mama mmoja wa Tanga, niliyemtengeneza kutokana na wengi niliowahudumia. Ana miaka 47, ni mamantilie, anaamka saa kumi alfajiri. Siku ya kwanza presha yake ilisoma 164 kwa 98, wiki mbili baadaye 158 kwa 96. Vipimo vya mkojo, sukari na figo havina tatizo. Daktari amemwandikia amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku, akamleta kwako.

Usianze na chumvi. Anza kwa kumuuliza ameelewa nini alichoambiwa. Huyu atakujibu, "Mimi sina presha, sista. Siku ile nilikuwa na mawazo, mwanangu alikuwa amefukuzwa ada." Hapo umepata jambo ambalo lingeharibu kila kitu kama usingeuliza. Kwa watu wengi wa kwetu presha ni tukio: inapanda ukikasirika, inashuka ukitulia. Kwa hiyo dawa ni ya siku kichwa kinapogonga. Usimbishie kuhusu mawazo, maana ni kweli kwamba mtu akikasirika damu hupanda. Mwambie: "Ya hasira hupanda ikashuka. Yako tumeipima umekaa kimya, siku mbili tofauti, na mara zote tumeikuta juu. Hiyo haisubiri hasira, na wala haiumi." Kisha nyamaza kidogo. Mpe nafasi ya kulimeza hilo.

Swali la pili ni la mazoea ya zamani, na mara nyingi ndilo lenye hazina: "Kuna dawa yoyote uliwahi kumeza kila siku kwa muda mrefu?" Mama huyu anacheka. Alimeza vidonge vya majira miaka sita bila kukosa. Alivikumbukaje? Alikuwa akiviweka ndani ya kopo la sukari, kwa sababu hakuna siku anayokunywa chai bila kulifungua. Sasa huna haja ya kubuni njia ya kumkumbusha dawa. Anayo mwenyewe, aliitumia miaka sita, na ilifanya kazi. Kazi yako ni kumrudishia. Kidonge kikae kwenye pakiti yake, mbali na joto la jiko, kando ya kopo la sukari, kimezwe na chai ya alfajiri. Mwezi wa Ramadhani kitahamia kwenye futari, kwa kuwa ni kimoja tu kwa siku.

Muulize pia anatumia dawa gani nyingine. Anasimama kutwa, mgongo unamuuma, ananunua diklofenaki duka la dawa. Dawa za maumivu za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha. Hilo limrudie daktari siku hiyohiyo. Ukikuta anakunywa mlonge au choya, usimkaripie. Mwambie tu visichukue nafasi ya kidonge.

Chagua tendo moja

Dawa imeshapata mahali pake. Kati ya mengine yote chagua moja, na lichague pamoja naye. Mimi kwa mamantilie nitapendekeza chumvi, kwa sababu yeye ndiye mshika kijiko: akipunguza, nyumba nzima imepunguza. Kutembea kutasubiri, mtu aliyesimama tangu saa kumi alfajiri ukimwambia atembee jioni kwa ajili ya afya atakuitikia kwa adabu tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha yote iliyomo kwenye mchuzi, mkate na samaki mkavu. Namba hii peke yake haina maana kwa mtu anayepika sufuria la watu sita. Kwa hiyo usimuulize, "Unatumia chumvi kiasi gani?" Jibu ni "kidogo" siku zote. Muulize: "Nyumbani mnakula wangapi, na pakiti ya nusu kilo inakaa siku ngapi?"

Anahesabu kwa vidole. Wako sita, pakiti inakaa kama siku nane, na ya biashara iko mbali. Andikeni pamoja: gramu 500 gawa kwa siku 8 ni kama 62 kwa siku; gawa kwa watu 6, kila mmoja anapata zaidi kidogo ya gramu 10. Ni mara mbili ya kipimo. Si hesabu ya maabara, maana nyingine inamwagika na maji ya kuoshea samaki, na watoto hawali sawa na watu wazima. Lakini ni hesabu ya nyumba yake mwenyewe, na ataiamini kuliko bango lolote ukutani. Kwa watu sita, pakiti ikikaa siku 17, ndipo mmekaribia gramu 5.

Usimpeleke kwenye 17 mara moja. Ulimi huzoea chumvi pungufu taratibu, kwa muda wa wiki kadhaa. Ukipunguza nusu kwa siku moja, mchuzi utaonekana chapwa na kichupa cha chumvi kitahamia mezani. Wekeni siku 12 kwa mwezi wa kwanza.

Sasa fuata maswali ya Pender, lakini kwa lugha yake. Faida anaionaje? Usimpe ya kwako. Huenda akasema anataka miguu isimchoke, au asimsumbue mwanawe kwa gharama za hospitali. Iandike kwa maneno yake. Umweleze pia ukweli kwamba kupunguza chumvi hivi kunaweza kushusha namba ya juu kwa kama 5, ambayo ni msaada wa kweli kwa dawa ila haitoshi kuiacha dawa. Ukimwahidi zaidi ya hapo, mwezi ujao mashine itakuumbua.

Kikwazo ndicho cha kukalia muda mrefu. Cha kwanza ni mume: chakula kikipungua chumvi anasukuma sahani. Cha pili ni ng'onda. Jumatano na Jumamosi wanakula ng'onda, na ng'onda ni chumvi yenye samaki ndani. Ungemwambia aache? Ni kitoweo cha nyumba, ni rahisi kuhifadhi, na ni utamu wao. Muulize anamwandaaje. Anamsuuza mara moja, anamtia kwenye tui, na kisha, kwa mazoea ya mkono, anaongeza chumvi. Hapo kuna mambo mawili madogo ya kubadili: ng'onda alale majini usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili, na siku ya ng'onda mchuzi usitiwe chumvi kabisa. Kwenye mchuzi wa siku nyingine, chumvi itiwe mwishoni badala ya mwanzoni, kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, si kwa kiganja. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitajaza pengo. Vidonge vya supu na viungo vya paketi vihesabiwe kuwa ni chumvi, maana ndivyo vilivyo.

Atakuuliza kuhusu chumvi ya mawe, kwamba haina madhara. Ina madhara yaleyale. Abaki na ile ya pakiti yenye madini joto, apunguze tu.

Vidole kumi

Kujiamini ni nguzo ambayo Pender aliichukua kwa Albert Bandura, na inapimika. Mwambie anyooshe mikono: "Vidole kumi ni kwamba una hakika kabisa utaweza. Bila kidole ni kwamba huwezi. Kulaza ng'onda majini na kutoongeza chumvi, vidole vingapi?" Anaonyesha tisa. "Na kupima chumvi kwa kijiko kila siku, baba akiwa nyumbani?" Anaonyesha vinne.

Hivyo vinne ni habari njema kwako. Amekuamini kiasi cha kukuambia ukweli. Makosa ya wengi ni kuanza kumtia moyo ili vinne viwe nane. Usimsukume. Punguza tendo hadi litoshee kujiamini alikonako. Kwa kawaida chini ya saba nalipunguza. Muulize, "Kwa nini ni vinne na si kimoja?" Atakuambia kwamba binti yake mkubwa ndiye anayepika mchana, naye akimwelekeza hufuata. Basi kijiko kiwe cha binti, mlo wa mchana tu, baba akiwa kazini. Vidole vinakuwa nane. Chakula cha usiku kitafuata baadaye, ulimi wa nyumba ukiwa umeanza kuzoea. Mtu hujiamini zaidi kwa kuwa alifanya jambo likawezekana kuliko kwa kuambiwa kwamba anaweza.

Mume naye asiachwe nje. Mshauri mama aje naye siku ya marudio, upime na presha yake. Usimwite aje kusemwa. Watu wa nyumbani ndani ya modeli hii si mapambo: mpango ambao anayekula hajaukubali utaishia kwenye kichupa cha mezani.

Kujifunga na mpango

"Nitajitahidi" ni neno la heshima, na mara nyingi ni njia ya kwetu ya kukataa bila kumvunja mtu moyo. Akisema Inshallah, itikia Inshallah kwa dhati, kisha uliza: lini, wapi, nani, kwa kijiko kipi? Mpango uandikwe nyuma ya kadi yake ya kliniki, kwa mistari isiyozidi minne. Wa mama huyu unasomeka hivi:

Kidonge kimoja alfajiri, na chai, kando ya kopo la sukari.
Ng'onda alale majini, maji mara mbili, bila chumvi ya kuongeza.
Mlo wa mchana, binti apime kwa kijiko.
Pakiti mpya ikifunguliwa, tarehe iandikwe juu yake kwa kalamu.

Huo mstari wa mwisho ndio kipimo chetu. Hauhitaji daftari, na pakiti haisahau.

Kisha uliza yatakayoingilia. Pender anayagawa mawili: yale ambayo mtu hana mamlaka nayo, kama mtoto kuugua au msiba, na yale ya hamu tu, kama harufu ya mihogo ya kukaanga jioni. Tofauti hiyo ina maana. Kwa hamu mnatafuta mbadala. Kwa msiba mnapanga mapema: akienda matangani Muheza siku tatu, atakula kilichopikwa, asijilaumu, lakini pakiti ya dawa iingie mkobani kabla ya khanga.

Mwisho wa kikao usimuulize kama ameelewa. Sema: "Ukifika nyumbani, baba watoto akikuuliza umeambiwa nini, utamwambiaje?" Msikilize anavyosema. Alichokiruka ndicho ambacho wewe hukukieleza vizuri. Kirudie hicho tu.

Akirudi

Mrudishe baada ya wiki nne. Alipewa vidonge 30 na leo ni siku ya 28, kwa hiyo vingebaki 2. Vimebaki 6. Amekosa vinne. Usiulize "Kwa nini hukumeza?" Uliza, "Siku hizo nne zilikuwaje?" Tatu zilikuwa msibani, pakiti ilisahaulika. Ya nne ni siku miguu ilipovimba, akaogopa.

Kuvimba vifundo vya miguu ni tabia inayojulikana ya amlodipini, na kwa mtu anayesimama kutwa huonekana zaidi jioni. Ulipaswa kumwambia mwezi uliopita. Kama ulisahau, mwombe radhi sasa. Mpeleke kwa daktari aamue kama dozi au dawa ibadilishwe. Kuvimba kukija pamoja na kuishiwa pumzi au kushindwa kulala chali, ni jambo jingine, na halisubiri.

Presha leo ni 146 kwa 90. Imeshuka, ila bado haijafika chini ya 140 kwa 90, ambalo ndilo lengo kwa mtu kama yeye. Mwambie namba zote, ya zamani na ya leo, uziandike kwenye kadi aone. Mfafanulie mapema kwamba daktari akiongeza dawa haina maana ameshindwa. Wengi huhitaji zaidi ya aina moja. Usipolisema hilo, ataichukulia dawa ya pili kama adhabu.

Kisha muulize kuhusu chumvi. Mama anafungua mkoba, anatoa pakiti iliyokunjwa mara nne. Tarehe imeandikwa kwa mwandiko wa binti: ilifunguliwa tarehe 3, ikaisha tarehe 14. Siku 11. Mlikubaliana 12, na ni mlo wa mchana na ng'onda tu vilivyobadilika.

"Vidole vingapi kwa chakula cha usiku sasa?" unamuuliza.

Anamtazama mume wake aliyekaa kwenye benchi akisubiri kupimwa, kisha ananyoosha saba.